Ukitupa linki ya ChatGPT kwenye grupu, nani anasoma nini na unaizima vipi

Mtoto wa ami yangu yuko resepsheni kwenye hoteli moja huko Jambiani, msimu uliopita alinipigia saa nne za usiku anahema utadhani kakimbizwa na ng'ombe. "Kaka, futa! Nambie vipi nafuta!" Nikamuuliza unafuta nini, akasema linki ya ChatGPT, kaitupa kwenye grupu la watsap la wafanyakazi, watu 63, na sasa watu wanampa pole ya vidonda vya tumbo na yeye hajamwambia mtu yoyote kama anaumwa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Wafanyakazi walikuwa wanadai ovataimu ya Julai na Agosti, wakakubaliana iandikwe barua moja, na yeye ndo anaandika vizuri basi kaachiwa. Akakaa na ChatGPT wakaitengeneza ile barua mpaka ikanyooka, halafu badala ya kuikopi akabonyeza "Share", akachukua linki, akaitupa grupuni na maneno "someni rasimu hiyo". Kilichompoteza ni kwamba yeye hafungui chati mpya. Anatumia ChatGPT kama watsap na rafiki yake, chati moja ile ile toka Ramadhani. Juu kabisa kuna suali kama mwenye vidonda vya tumbo anaweza kufunga na ale nini daku, chini yake kuna mahesabu ya laki nne alizomkopa shemegi yake na vipi amwambie kwamba mwezi huu hana, halafu ndo inakuja barua. Linki inabeba yote, kuanzia neno la mwanzo mpaka pale ulipobonyeza, haichukui jibu la mwisho peke yake.

Na kabla hata mtu hajaifungua, watsap inatoa kile kiboksi kidogo chini ya linki chenye kichwa cha ukurasa. Kichwa hicho hukuandika wewe, ChatGPT inajitungia yenyewe chati inapoanza, kwa hivo cha kwake kilikuwa kinahusu vidonda vya tumbo na kufunga. Grupu zima likasoma hicho kabla ya barua. Pole zikaanza kumiminika.

Basi ntaandika hapa tulivofanya usiku ule kwa mpango wake, na baadae yale masuali aliyonibana nayo, mana aliniuliza mpaka nikaishiwa chaji.

Kwanza angalia umetuma anuani ipi

Kuna watu wanababaika bure. Ukiwa kwenye brauza, anuani ya chati yako pale juu ina `/c/` katikati. Hiyo hata ukiituma kwa dunia nzima haifunguki kwa mwengine, mana inataka akaunti yako. Ya hatari ni yenye `/share/`:

```
https://chatgpt.com/share/...
```

Baada ya hapo kuna mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu uliochanganywa ovyo, mtu hawezi kuubahatisha. Kwa hivo ulinzi wote wa linki ni huo tu, kwamba mtu asiyeletewa hajui iko wapi. Hapana paswedi na hapana orodha ya walioruhusiwa. Wala hakuna sehemu ya kukuonesha nani kaifungua na mara ngapi. Aliyenayo anasoma, hata kama hana akaunti ya ChatGPT, na akimpelekea mwengine na huyo nae anasoma. Jamaa yangu alikuwa anasema "lakini nimetuma grupuni tu", kumbe grupu la watu 63 ni milango 63, kila mmoja anaweza kuifowadi na wewe usijue.

Jina la akaunti yako halioneshwi kwenye ukurasa ule, na maagizo yako binafsi uliyoyaeka kwenye settingi pia hayatoki. Lakini hiyo haikusaidii kitu kama mwenyewe umeandika jina lako na jina la shemegi yako ndani ya mazungumzo, mana maneno uliyoandika yanatoka vile vile kama yalivo.

Zima linki, usianze na kufuta meseji

Hapa ndo alipokosea. Kitu cha mwanzo alichokifanya ni kufuta ile meseji grupuni kwa kila mtu, akadhani yamekwisha. Meseji imefutika kweli lakini ukurasa bado upo hewani, na yule aliyekuwa keshaufungua kwenye simu yake ama keshaikopi linki anaendelea kusoma kama kawaida. Nikamwambia nitumie linki, akanitumia, nikaifungua mie niko Wete na yeye yuko Jambiani, nikamsomea mstari wa laki nne. Kimya. Halafu nikasikia "astaghfirullah".

Fungua chatgpt.com kwenye brauza, ingia kwenye akaunti ile ile uliyotumia kutengeneza linki. Nasema brauza kwa sababu orodha ya linki unaikuta huko bila kuhangaika, na simu inatosha, si lazima laptopu. Bonyeza jina lako ama picha yako, ingia "Settings", halafu "Data controls", tafuta pameandikwa "Shared links", bonyeza "Manage". Utaona linki zako zote ulizowahi kutengeneza na tarehe zake. Yeye alikuwa anaapa kwamba katengeneza moja tu, tukakuta tatu, mbili nyengine ni za zamani keshazisahau, moja ilikuwa mapishi ya boko boko ambayo haina madhara na nyengine barua ya kuomba kazi yenye namba ya simu na namba ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Hiyo ilikuwa hewani muda wote huo.

Pembeni ya kila linki kuna alama ya kapu la taka, bonyeza hapo, linki inakufa na chati yako yenyewe inabaki. Ukitaka kuondosha vyote kwa pamoja basi futa chati nzima, na linki yake inakwenda nayo. Lakini kumbuka "Archive" si kufuta. Ile inaificha chati tu isikae kwenye orodha yako, watu wengi wanaibonyeza wakadhani wamesafisha.

Ukishafuta hakikisha kwa macho yako. Fungua ukurasa wa siri kwenye Chrome, ule wa "New Incognito tab", bandika linki. Ukiyaona mazungumzo, basi bado hujafuta, ama umefuta nyengine. Ukiona ujumbe kwamba haipatikani, imekufa. Ukurasa wa siri ni muhimu hapa kwa sababu huko wewe humo ndani ya akaunti yako, unaona kile anachokiona mgeni.

Halafu sasa ndo rudi kwenye watsap ukafute meseji, mana kile kiboksi chenye kichwa kinabaki kwenye simu za watu hata kama linki imekufa.

Ambavo huwezi kuvirudisha

Hapa sikumdanganya. Skrinshoti hairudi. Na kuna kitu chengine watu hawakijui, mtu akifungua linki yako hali yupo ndani ya akaunti yake, anaweza kuyaendeleza mazungumzo pale pale yalipoishia. Anayoyaandika yeye huyaoni wewe na hayaji kwako, lakini mazungumzo yako yanaingia kwenye orodha yake kama nakala, na ukifuta linki ile nakala yake haifutiki. Kijana mmoja wa jikoni alifanya hivo kwa nia nzuri kabisa, alitaka barua iongezwe aya ya likizo. Tukamuomba aifute kwake, akafuta, au alisema kafuta.

Upande wa pili ni nafuu kidogo. Linki ni kama picha iliyopigwa saa ile, ukiendelea kuandika kwenye chati hiyo hiyo baada ya kuituma, maneno mapya hayaonekani kwa walionayo, mpaka wewe mwenyewe urudi tena kwenye "Share" na kuifanya upya.

Kuhusu Google. Khofu hii ina chanzo cha kweli, si uzushi wa watu wa mtandaoni. Mwaka 2025 kwenye dirisha la kushea palikuwa na kiboksi cha kutia tiki ili chati yako iweze kutafutika, watu wakatia tiki bila kusoma, na mwisho wa Julai ikagundulika maelfu ya mazungumzo yanatokea kwenye Google, watu wanahadithia maradhi yao na ndoa zao. Kampuni ya OpenAI, wenye ChatGPT yao, ikaiondosha ile sehemu mwanzo wa Agosti na ikasema inashughulika kuzitoa zilizokwishaingia. Ila kama wewe mwenyewe unaibandika linki mahali pa wazi, kwenye ukurasa wa Facebook unaosomeka na kila mtu mathalan, umeshaieka barazani, anaepita anaona. Kama linki yako ni ya wakati ule na una wasiwasi, andika hivi kwenye Google, halafu badilisha maneno ya mwisho uweke maneno yako mwenyewe ambayo mwengine hangeyaandika:

```
site:chatgpt.com/share "ovataimu ya Julai"
```

Ikitokea, futa linki kwanza kama nilivoeleza, halafu Google wana ukurasa wao unaitwa "Refresh Outdated Content", unawapa anuani iliyokufa na wao wanaiondosha kwenye majibu. Usianze na Google wakati linki bado hai, watakukatalia, mana ukurasa kwa macho yao bado upo. Na kama kuna mtambo wa kuhifadhi kurasa za zamani ulishapita ukachukua nakala, hiyo ni kesi nyengine na mtu mwengine wa kumuomba.

Bila linki je, nani anasoma?

Akaniuliza, hebu tuseme sijashea kitu, mwengine mwenye ChatGPT yake anaweza kuona za kwangu? Hapana, kila akaunti na chati zake. Imewahi kutokea hitilafu moja inayojulikana, tarehe 20 Machi 2023, baadhi ya watu walifungua wakaona vichwa vya chati za watu wengine kwenye orodha yao, kampuni ikaizima huduma nzima mpaka ikarekebishwa. Chanzo kilikuwa kosa kwenye programu ndogo ya redis-py waliyokuwa wakiitumia kwenye seva zao. Kwa hivo siwezi kusema haijatokea, lakini sio njia ambayo chati za watu wa kwetu zinavuja.

Za kwetu zinavuja kwenye simu. Umeingia kwa akaunti ya Google ambayo nduguyo na shangazi yako wanaitumia kwa kuangalia video, basi chati zako ni za nyumba nzima. Umeingia kwenye kompyuta ya ofisi ukaondoka hujatoka. Umempelekea fundi simu pale Darajani na umempa na paswedi ya kufungulia skrini. Dawa ni moja, "Settings", halafu "Security", kuna "Log out of all devices", bonyeza. Inaweza kuchukua mpaka nusu saa kuwatoa wote, usitishike ukiona kompyuta ya ofisini bado imo baada ya dakika tano. Baada ya hapo badilisha paswedi, la sivo aliyekuwa nayo anarudi tu.

Na akaunti iliyolipiwa na kazini ihesabu ni ya kazini. Kwenye zile za makampuni makubwa wasimamizi wana njia rasmi ya kutoa na kukagua mazungumzo ya wafanyakazi, kwa hivo barua ya kudai ovataimu usiiandikie huko jamani. Yeye alhamdulillah alitumia ya kwake.

Na kampuni yenyewe

Hapa watu wanachanganya na watsap. Kwenye watsap meseji yako na mkeo imefungwa kwa namna ambayo kampuni haina ufunguo. ChatGPT haiko hivo na haiwezi kuwa hivo kirahisi, mana ile mashine lazima isome ulichoandika ndo ikujibu. Chati zako ziko kwenye seva zao, zimefungwa njiani na zimefungwa ghalani, lakini ufunguo wanao wao. Kwa hivo uwezo wa kusoma wanao. Suali ni wakati gani wanasoma.

Wenyewe wanasema ni watu wachache walioruhusiwa, pamoja na wakandarasi waliofungwa na mikataba ya siri, na sababu ni kama kuchunguza matumizi mabaya, kukusaidia ukiwaandikia una tatizo, amri za kisheria, na kuboresha mashine kama hujakataa. Hiyo ya mwisho ndo yenye swichi. Ipo pale pale "Data controls", imeandikwa "Improve the model for everyone", na kwa akaunti za kawaida unaikuta iko wazi tayari. Ukiizima, mazungumzo mapya hayatumiki kuifundisha mashine. Nasema mapya, ya nyuma hairudi kuyatoa. Na angalia kidole gumba, kile cha juu na cha chini kilicho chini ya jibu, ukikibonyeza unakuwa umewapelekea maoni na mazungumzo yanayoambatana nayo yanaweza kutumika hata kama swichi umeizima. Binamu alikuwa anabonyeza gumba kwa adabu, kila akijibiwa vizuri anashukuru.

Ukifuta chati inatoka kwenye orodha yako hapo hapo, na kwenye seva zao inatolewa ndani ya siku 30, isipokuwa kama sheria au usalama unawalazimu kuishikilia. Na hilo la sheria limeshatokea, gazeti la New York Times liliwashitaki, na Mei 2025 mahakama huko Marekani ikawaamuru wasifute, hata zile ambazo watu wenyewe wameshazifuta, ikakaa hivo mpaka mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Kwa hivo siku 30 ni kawaida yao, sio kiapo. Kuna na "Temporary chat", haikai kwenye orodha na haitumiki kufundishia, lakini nayo wanaweza kuieka mpaka siku 30 kwa ajili ya usalama.

Kama unatumia Gemini ya Google hesabu ni nyengine. Wao wanasema wazi kuna watu wanaosoma sehemu ya mazungumzo, na chati iliyokwisha kupitiwa na mtu inaweza kukaa mpaka miaka 3, hata kama wewe umeifuta kwako, ila wanaitenganisha na akaunti yako. Ndo mana wanakutahadharisha usiandike la siri.

Tulivomaliza na barua

Barua ilibidi iende tena, mana watu walikuwa wanaingoja. Nikamwambia usishee tena ile chati, fungua mpya, bandika barua peke yake, kama bado unataka kuirekebisha irekebishe humo. Halafu bonyeza alama ya kukopi chini ya jibu, njoo watsap, bandika kama maandishi. Linki ina maana pale tu unapotaka mtu aone namna mlivofika, masuali na majibu, na hata hapo ifungue mwanzo kwenye ukurasa wa siri uisome toka juu mpaka chini kama vile wewe ndo mpokeaji. Yeye alikuwa akishea anatizama jibu la mwisho tu, kwa sababu simu inamuonesha la mwisho.

Ikaenda aya nne, bila kiboksi, bila kichwa. Laki nne shemegi yake alishaziona, nduguye yumo grupuni, akampigia simu asubuhi yake akamwambia mbona hukunambia tu kama mwezi huu huna.